Hiyo dx siyo pambo: jinsi e^x inavyotuletea logi

(Hotuba niliyoitoa hapa Kigoma mjini kwa vijana wa fom siksi na walimu wao wa hesabu. Nimeiandika karibu kama nilivyoongea, yale ya ubaoni nimeyaweka kama fomula.)

Walimu wangu shikamooni, na nyie wadogo zangu mambo zenu. Mwalimu wa zamu kaniambia nina kama saa moja hivi halafu chakula, kwa hiyo salamu ndefu tuziache, chukueni kalamu.

Leo sitagusa intigro zote, nitashika kitu kimoja tu. Mkiangalia madaftari yenu mtaona maswali yenye e^x yanaishia kwenye ln, na maswali yenye 1/x nayo yanaishia kwenye ln, wengi mmekariri kwamba ndo inavyokuwa, sawa, lakini kwanini? e^x haina sehemu ya kugawanya hata moja, logi inatokea wapi? Jibu limekaa kwenye kile kialama mnachokiandika mwishoni kama vile ni nukta ya kufunga sentensi, ile dx. Nikimaliza nataka kila mtu awe anaiogopa kidogo hiyo dx.

Tuanze na 1/x. Kanuni ya kuintigreti x^n mnaijua, ongeza moja kwenye kipeo halafu gawanya kwa kipeo kipya. x^2 inakuwa x^3/3, x^(-3) inakuwa x^(-2)/(-2), inaenda vizuri kabisa mpaka ufike x^(-1), pale unapata x^0/0 na huwezi kugawanya kwa sifuri. Sasa wengi wanafikiri maana yake ni kwamba 1/x haina intigro, hapana. Chora grafu ya 1/x kuanzia 1 mpaka 2, kuna eneo pale chini ya mstari, unaliona kwa macho, ukiweka karatasi ya miraba unaweza hata kulihesabu na utapata kama 0.69. Eneo lipo, kilichokosekana ni jina lake tu kwenye familia ya vipeo.

Na hilo eneo lina tabia moja ya ajabu. Kuna padri mmoja Mjesuiti, mzaliwa wa Bruges huko Ubelgiji ya sasa, Grégoire de Saint-Vincent, mwaka 1647 alichapisha kazi yake ambayo ndani yake anaonyesha hiki kitu, kipindi hicho Newton ni katoto kadogo na Leibniz alikuwa katimiza mwaka mmoja tu, yaani kalkulasi yenyewe bado haijazaliwa. Aliona kwamba eneo la chini ya 1/x kutoka 1 mpaka 2 ni sawasawa na eneo kutoka 2 mpaka 4, ni sawa na kutoka 3 mpaka 6, ni sawa na kutoka 50 mpaka 100. Yote 0.693 na ushee. Haijalishi unaanzia wapi, ilimradi mwisho ni mara mbili ya mwanzo.

Hebu tuione kwa mkono. Chukua kipande chembamba pale x = 1.5, urefu wake ni 1/1.5 yaani 0.667. Sasa nenda x = 3 ambayo ni mara mbili, urefu ni 0.333, nusu yake. Lakini safari ya 2 mpaka 4 ina upana mara mbili ya safari ya 1 mpaka 2, kwa hiyo kila kipande kimepanuka mara mbili na kufupika mara mbili, eneo limebaki pale pale. Kwa lugha ya sabstitusheni unaweka x = 2u, hapo dx = 2 du, x ikienda kutoka 2 mpaka 4 basi u inaenda kutoka 1 mpaka 2, na

∫ dx/x = ∫ 2 du/(2u) = ∫ du/u

Zile mbili zimekanseliana. Angalia vizuri hapo, mbili ya juu imetoka kwenye dx, mbili ya chini imetoka kwenye x. Kama ungekuwa mvivu ukabadilisha x ukaiacha dx ilivyo, ungebaki na ∫ du/(2u), ungepata nusu ya eneo, yaani 0.347 badala ya 0.693, na ungejibu kwa kujiamini kabisa.

Ni kama pale Kibirizi sokoni, mama ana mawese, mteja katoka Burundi na faranga zake. Ukiandika bei upya kwa faranga lazima na hela iliyopo mkononi uihesabu kwa faranga, huwezi kutaja bei kwa faranga halafu upokee idadi ile ile ya noti kwa shilingi, mmoja wenu analia. x ndani ya fomula ni bei, dx ni hela. Zinabadilishwa zote au hakuna biashara.

Tuendelee. Ukishakubali kwamba eneo halijali unaanzia wapi, basi eneo kutoka 1 mpaka 6 unaweza kulikata vipande viwili, kutoka 1 mpaka 2, halafu kutoka 2 mpaka 6. Hicho cha pili ni safari ya mara tatu, kwa hiyo ni sawa na kutoka 1 mpaka 3. Maana yake eneo la 6 ni eneo la 2 jumlisha eneo la 3. Kuzidisha kumegeuka kujumlisha! Na nyie mnajua nani hapa duniani anageuza kuzidisha kuwa kujumlisha, ni logi. Mjesuiti mwingine, Alphonse Antonio de Sarasa, ndo aliyeliandika hilo wazi mwaka 1649, miaka miwili baadaye. Kwa hiyo ln haikupachikwa pale na mtu ili kuziba pengo la x^(-1), iliingia kwa sababu dx/x ina hiyo tabia ya kutojali vipimo.

Hiyo ni nusu ya hadithi. Sasa e^x.

Andika u = e^x. Diferenshieti, du = e^x dx. Lakini e^x ndo u mwenyewe, kwa hiyo du = u dx, na ukiipindua

dx = du/u

Simama hapo. Mnaona kilichotokea? Hatukuwa na 1/x yoyote kwenye swali, tumebadilisha kigezo tu kutoka x kwenda e^x, na dx yenyewe imejigeuza ikaja na 1/u mkononi. Ndo maana maswali ya e^x yanaishia kwenye logi, logi imejificha ndani ya dx. Mtu anayesahau kubadilisha dx hapotezi maksi moja ya unadhifu, anapoteza swali lote, kwa sababu logi yenyewe ndo ameitupa.

Tufanye swali. Nitachukua hili moja, tutakaa nalo muda mrefu:

∫ 1/(1+e^x) dx

Kwanza nione mikono, nani anasema jibu ni ln(1+e^x) + C? ... Haya, nusu ya ukumbi, na mwalimu mmoja kule nyuma ananyoosha kwa utani nadhani. Hilo jibu linavutia kwa sababu wamekwambia "moja juu ya kitu inaleta logi ya kitu". Siyo kweli. Moja juu ya kitu inaleta logi ya kitu pale tu ambapo derivativu ya hicho kitu ipo juu yake tayari. Na namna ya kujua ni rahisi, chukua jibu lako ulidiferenshieti urudi nyuma. Ukidiferenshieti ln(1+e^x) unapata e^x/(1+e^x). Swali halikuwa na e^x juu, lilikuwa na 1. Umejibu swali la jirani.

Na hilo la jirani tulifanye haraka ili tulimalize, ∫ e^x/(1+e^x) dx, weka u = 1+e^x, du = e^x dx, na ile e^x dx nzima ipo juu imekaa inakusubiri, inabaki ∫ du/u, jibu ln(1+e^x) + C. Huhitaji hata modulasi kwa sababu 1+e^x ni chanya siku zote. Sekunde ishirini.

Lakini letu halina hiyo e^x juu. Kwa hiyo tunakwenda na u = e^x, na dx = du/u:

∫ 1/(1+e^x) dx = ∫ 1/(1+u) · du/u = ∫ du/(u(1+u))

Hapa ni pashali frakshen, na hii ni ile rahisi kuliko zote, 1/(u(1+u)) = 1/u − 1/(1+u). Usiniamini, jumlisha uone, juu unapata (1+u) − u ambayo ni 1. Basi

∫ (1/u − 1/(1+u)) du = ln u − ln(1+u) + C

Rudisha u = e^x. ln ya e^x ni x tu, kwa hiyo

= x − ln(1+e^x) + C

Sasa linganisha na jibu la nusu ya ukumbi. Lao lina ln(1+e^x), letu lina alama ya kutoa mbele yake na x imeongezeka. Hiyo x imetoka wapi? Imetoka kwenye 1/u, na 1/u imetoka kwenye dx. Mliomwacha dx bila kumbadilisha mmemwacha na x yake.

Kuna njia nyingine watu wanaipenda, hasa wale wanaopenda kuonekana wajanja, zidisha juu na chini kwa e^(-x). Chini inakuwa e^(-x) + 1, juu e^(-x), na e^(-x) ni derivativu ya cha chini ukiacha alama ya kutoa. Kwa hiyo jibu linatoka kwa mstari mmoja:

−ln(1+e^(-x)) + C

Hapa ndo ugomvi huanza dawatini. Mmoja ana x − ln(1+e^x), mwenzake ana −ln(1+e^(-x)), wanaangalia nyuma ya kitabu, kitabu kina la mmoja, wa pili anafuta. Usifute! Andika 1+e^(-x) kama (e^x+1)/e^x, chukua logi, ni ln(1+e^x) − x, weka ile alama ya kutoa mbele na unarudi kwenye x − ln(1+e^x). Ni jibu lile lile limevaa nguo nyingine. Wakati mwingine hata hazitalingana kabisa, zitapishana kwa konstanti, kwa mfano mmoja ana ln(3u) na mwingine ana ln u, hapo pia wote wako sawa kwa sababu ln 3 imemezwa na C. Mimi binafsi napendelea njia ya kwanza, ni ndefu lakini haikuombi uwe na bahati ya kuona kitu, inafanya kazi hata swali likiwa baya zaidi.

Sasa tuweke mipaka, kwa sababu kwenye pepa mara nyingi wanaweka, na hapa ndo pana majeruhi wengi. Tuseme kutoka x = 0 mpaka x = ln 3. Kosa linakujaje? Mtu anaweka u = e^x, anabadilisha dx vizuri kabisa, anafika kwenye ln u − ln(1+u), halafu anaingiza 0 na ln 3 kwenye u. Akiingiza 0 anakutana na ln 0, kalkuleta inaandika Math ERROR, anahema, anafuta, anaanza upya na dakika zimeenda. Huyo ana bahati bado, kalkuleta imemwambia. Mwenye balaa ni yule ambaye mipaka yake ilikuwa 1 na 2, anaingiza tu na kalkuleta inampa namba nzuri isiyo ya swali hilo.

Mipaka ni ya x. Ukihamia u, na mipaka inahama. x = 0 inatoa u = e^0 = 1. x = ln 3 inatoa u = 3. Kwa hiyo

[ln u − ln(1+u)] kutoka 1 mpaka 3 = ln(3/4) − ln(1/2) = ln(3/2)

Ni kama 0.405. Ukishabadilisha mipaka huna haja ya kurudi kwenye x tena, maliza huko huko kwenye u. Au usibadilishe mipaka, rudi kwenye x kwanza ndo uingize 0 na ln 3, vilevile utapata ln 3 − ln 4 + ln 2, ambayo ni ln(6/4), ni ileile. Chagua moja, usichanganye.

Halafu kabla hujageuza karatasi, fanya ukaguzi huu wa nusu dakika. Kitu tunachointigreti ni 1/(1+e^x). Pale x = 0 urefu wake ni 1/2. Pale x = ln 3 urefu ni 1/4. Katikati inashuka taratibu, haipandi popote. Upana ni ln 3, kama 1.099. Kwa hiyo eneo lazima liwe kati ya mstatili mfupi, 0.25 × 1.099 = 0.275, na mstatili mrefu, 0.5 × 1.099 = 0.549. Letu 0.405, lipo ndani. Jaribu na lile jibu la nusu ya ukumbi, ln(1+e^x) kutoka 0 mpaka ln 3 ni ln 4 − ln 2 = ln 2 = 0.693. Limezidi hata mstatili mrefu! Eneo haliwezi kuwa kubwa kuliko boksi lililolibeba. Huhitaji mwalimu kukwambia umekosa, boksi limeshakwambia.

Mnajua nikiangalia vitabu vya maswali naona vinasisitiza sana mbinu za kuintigreti na hili la boksi hakuna anayeligusa, wakati ndo kitu pekee ambacho ukiwa peke yako chumba cha mtihani kinaweza kukuokoa. Haya tuendelee nisije nikaanza kulalamika.

Kuna jambo la pili nataka tulikazie, modulasi. Mmezoeshwa kuandika ∫ dx/x = ln|x| + C, na ile modulasi wengi mnaiweka kwa heshima tu. Kazi yake ni kwamba 1/x ipo pia upande wa namba hasi, ina eneo huko, lakini ln ya namba hasi hatuna, kwa hiyo tunachukua ukubwa. Sawa. Ila modulasi ina ubaya wake, inakuficha shimo. Angalia hili:

∫ e^x/(e^x − 2) dx, kutoka 0 mpaka ln 5

u = e^x − 2, du = e^x dx, kila kitu kinakaa vizuri, jibu la jumla ln|e^x − 2| + C. Mipaka: x = 0 inatoa u = −1, x = ln 5 inatoa u = 3. Ingiza, ln|3| − ln|−1| = ln 3 − 0 = ln 3. Safi kabisa, namba nzuri, kalkuleta haijalia, unapiga mstari chini.

Na ni uongo mtupu.

Kwanini? Kwa sababu u imetoka −1 ikaenda 3, njiani lazima ilipita sifuri. Lini? Pale e^x = 2, yaani x = ln 2, kama 0.693, na hiyo ipo katikati ya 0 na ln 5. Pale cha chini ni sifuri na grafu inakimbia, upande wa kushoto inazama bila mwisho na upande wa kulia inapaa bila mwisho. Eneo la kila upande halina kikomo, na huwezi kusema kutokuwa na mwisho kwa chini kunakanseli kutokuwa na mwisho kwa juu halafu inabaki ln 3. Jibu sahihi ni kwamba hiyo intigro haipo.

Na ukitaka kuona kwamba shida siyo namba hasi zenyewe, chukua swali lile lile lakini liishie ln(3/2). Sasa u inatoka −1 mpaka −1/2, haigusi sifuri. ln(1/2) − ln 1 = −0.693. Jibu hasi, na linatakiwa kuwa hasi kwa sababu grafu yote hapo iko chini ya mstari wa x, pale x = 0 ina urefu −1, na pale ln(3/2) ni −3. Boksi linasemaje? Upana ni 0.405, kwa hiyo eneo liko kati ya −0.405 na −1.216. Lipo ndani. Hapo modulasi imefanya kazi yake halali. Kwa hiyo kabla hujaingiza namba kwenye ln|u|, angalia alama za u kwenye mipaka miwili. Zikifanana na cha chini hakijageuka alama njiani, endelea. Zikipishana, simama, kuna sifuri imelala barabarani.

Sasa nisije nikawatia ugonjwa mwingine wa kuona logi kila mahali. Weka ile e^x juu lakini cha chini kiwe na kipeo, ∫ e^x/(1+e^x)^2 dx, ukiweka u = 1+e^x unapata ∫ du/u^2, na hiyo ni kipeo cha −2, kanuni ya kawaida, jibu −1/(1+e^x) + C. Hakuna logi. Logi ni ya kipeo −1 peke yake, −2 ana njia yake na −1.5 ana njia yake. Vilevile ∫ e^x/(1+e^(2x)) dx, watu wanaandika ln(1+e^(2x)) mbio mbio, lakini weka u = e^x, unabaki na ∫ du/(1+u^2), hiyo ni tani inversi, tan⁻¹(e^x) + C. Diferenshieti ln(1+e^(2x)) utaona inatoa 2e^(2x) juu, siyo e^x. Yaani dawa ni ile ile, rudi nyuma kwa kudiferenshieti.

Halafu kuna upande wa pili wa sarafu ambao mnaupenda kwenye pepa, pale logi yenyewe inapokuwa ndani ya swali. Mfano

∫ dx/(x ln x)

Hapa weka u = ln x, du = dx/x. Ile dx/x ambayo tumeisumbukia muda wote sasa inamezwa nzima, inabaki ∫ du/u, jibu ln|ln x| + C. Weka mipaka kutoka e mpaka e^2, u inatoka 1 mpaka 2, jibu ln 2. Na mkitazama vizuri hii ni safari ya kurudi ya ile ya kwanza. Mwanzo tuliweka u = e^x na dx ikazaa 1/u. Sasa tumeweka u = ln x na 1/x ikarudi ndani ya du. e^x na ln zinapeana hiyo 1/x moja, huku inatoka huku inaingia. Ukiona 1/x imekaa peke yake nje na kila kitu kingine ni ln x, usifikirie mara mbili. Ila ukiona ∫ ln x dx bila 1/x, hapo sabstitusheni peke yake haimalizi, weka u = ln x na dx inakuwa e^u du, unapata ∫ u e^u du na unahitaji intigresheni kwa sehemu. Tena dx ndo imekwambia.

Swali limekuja hapa kwenye karatasi kutoka kwa binti mmoja safu ya tatu, anauliza, mwalimu ikiwa na vyote viwili je, ∫ e^x/x dx? Swali zuri sana na nilikuwa nalisubiri, kwa sababu linaonekana kama mtoto wa yote tuliyofanya. Jaribu u = e^x, dx = du/u, na x inakuwa ln u, unapata ∫ u/(ln u) · du/u = ∫ du/ln u. Umehama nyumba lakini shida umehama nayo, na 1/u yako imekanselika na u ya juu. Jaribu kwa sehemu, utazunguka, kila hatua unazalisha kipeo kingine cha chini. Siyo kwamba wewe ni mzito. Mfaransa Joseph Liouville miaka ya 1830 alithibitisha kwamba intigro hii haiwezi kuandikwa kwa kuchanganya vipeo, e^x, ln, saini na kosaini na mizizi kwa idadi yoyote yenye mwisho. Eneo lipo, kutoka 1 mpaka 2 ni kama 3.06, unaweza kulihesabu kwa trapeziamu mpaka desimali unazotaka, ila fomula ya mkono hakuna. Wahandisi na wanafizikia wanaikuta mara kwa mara na wameipa alama yake, Ei, basi wanaendelea na maisha.

Kwa hiyo binti, ukiikuta kwenye pepa, soma tena swali kabla hujachafua karatasi. Mara nyingi utakuta kilichoandikwa ni e^(√x)/√x, ambayo u = √x inaimaliza kwa mstari mmoja, 2e^(√x) + C, au e^(1/x)/x^2, ambayo u = 1/x inaimaliza na jibu ni −e^(1/x) + C. Zote mbili ziko sawa kwa sababu moja juu ya kile cha chini ni derivativu ya kilichopanda kwenye kipeo, ukiacha namba. Na kama kweli ni e^x/x na wamekupa mipaka, basi wanataka trapeziamu au Simpsoni, anza kupanga jedwali lako.